Filta ya ND ipi kwa jua la Mufindi?

*Kaka, habari za kazi. Napiga video za mashamba ya chai huku Mufindi kwa droni ndogo, lenzi yake ni f/2.8 na haibadiliki. Jua likiwa kali, nikisimamisha video kila picha iko safi kabisa, ila ikicheza mistari ya chai inarukaruka mpaka macho yanauma. Watu wananiambia ninunue filta za ND, lakini jamaa yangu aliyenunua video zake zimetoka na ukungu. Nichukue namba gani, na nifanyeje nisipoteze ubora?*

Salama, mdogo wangu. Usafi huo unaouona ukisimamisha video ndio unaokuletea shida ikicheza. Kwenye jua la saa tano, lenzi iliyo wazi kiasi cha f/2.8 inaingiza mwanga mwingi mno, na droni ikiwa kwenye AUTO ina njia moja tu ya kujiokoa: kufungua shata kwa muda mfupi sana. Inaweza kwenda 1/2000 au 1/3200 ya sekunde bila kukuuliza. Fremu moja inanasa shina la chai mahali fulani, limeganda kabisa. Fremu inayofuata inalinasa mahali pengine, nalo limeganda. Katikati ya hapo hakuna kitu, kwa hiyo jicho linaona shina likihama kwa kuruka badala ya kupita.

Tuweke hesabu ili uone ukubwa wa huo mruko. Droni nyingi ndogo zina lenzi pana, ile inayolingana na milimita 24. Ukiwa mita 10 juu ya chai na kamera ikitazama chini moja kwa moja, upana wa picha ardhini ni kama mita 15. Ukirekodi 4K, pikseli 3840 zinagawana hizo mita 15, yaani pikseli 256 kwa kila mita. Sasa sogea ubavu kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, ukirekodi fremu 25 kwa sekunde. Kati ya fremu moja na nyingine umesogea sentimita 16, ambazo kwenye picha ni pikseli 41. Shata ikiwa 1/3200, kwa muda wote iliokuwa wazi droni imesogea milimita moja na robo tu, hata nusu pikseli haifiki. Kwa hiyo una picha kali kama wembe zinazorukiana pikseli 41 kila mara, na mistari ya chai ilivyojipanga inafanana, ndiyo maana macho yanauma. Ungekuwa unapiga msitu wa asili usingeumia hivyo, kwa sababu hakuna mistari iliyonyooka ya kulishika jicho.

Shata ikishuka mpaka 1/50, katika kila fremu shina linaacha mkwaruzo wa pikseli 20 hivi, ambao ni nusu ya mruko. Mkwaruzo huo unaziba pengo, na jicho linaunganisha fremu na fremu. Ndiyo maana wapiga sinema wanashikilia kanuni ya shata kuwa mara mbili ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa 1/50, fremu 30 kwa 1/60. Usiichukulie kama amri. Mimi naona mpaka 1/100 bado video inatulia, na kwenye kazi yenye upepo nachagua hiyo kuliko 1/50. Kuanzia 1/200 kwenda juu, mistari inaanza kucheza.

Hapo ndipo filta inapoingia, na nataka ulielewe hili kabla hujatoa hela. Filta ya ND haiongezi ukali wa picha hata kidogo. Ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga ili wewe upate nafasi ya kuiteremsha shata bila picha kuungua. Kila fremu, ukiisimamisha, itakuwa na ukali *pungufu* kuliko sasa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayekwambia ununue ND ili video iwe kali zaidi amechanganya. Kinachokuwa safi ni mwendo.

Ila kabla hujanunua, hakikisha ugonjwa ni huo. Kuna mruko mwingine unaofanana nao ambao filta haiugusi. Watu wengi wanarekodi fremu 30 kwa sekunde halafu wanahariri kwenye mradi wa fremu 25. Programu inatupa fremu moja katika kila sita ili hesabu ikae sawa, na video inajikwaa mara tano kwa sekunde. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Fungua video ya asili kutoka kwenye memori kadi, si ile uliyohariri, uitazame kwenye kompyuta yenye nguvu. Kama ya asili inatulia na iliyohaririwa inajikwaa, tatizo liko kwenye kuhariri. Kama inacheza vizuri kwenye kompyuta na inakwama kwenye simu, simu imelemewa na 4K. Lakini kama hata ya asili inarukaruka, na ukisogeza fremu moja moja unakuta kila fremu haina mkwaruzo wowote na hatua zinalingana, basi hiyo ni shata.

Namba sasa. Kwenye ND namba inakwambia mwanga umegawanywa kwa ngapi. ND8 inapitisha sehemu moja kati ya nane, ND16 moja kati ya kumi na sita, na kila ukipanda hatua moja mwanga unapungua nusu. Baadhi ya watengenezaji wanaandika 0.9 badala ya ND8, 1.2 badala ya ND16, 1.5 kwa ND32 na 1.8 kwa ND64. Ukikuta hizo dukani usishtuke, ni filta zilezile.

Majedwali yaliyojaa mitandaoni, yale ya "mawingu ND8, jua ND16", yaache. Yametungwa bila kujua lenzi yako. Droni yenye f/2.8 na yenye f/1.7 zikirushwa uwanja mmoja, wakati uleule, zinahitaji filta tofauti, kwa sababu f/1.7 inaingiza mwanga karibu mara tatu zaidi. Ndiyo maana kwa droni za f/1.7 kama DJI Mini 3 Pro na Mini 4 Pro, seti ya kampuni yenyewe ina ND16, ND64 na ND256. Ukimwona mwenye droni hiyo amefunga ND256 ukaiga kwenye yako, utakuwa umeifunga macho.

Badala ya jedwali, pima. Rusha droni bila filta, ipandishe mpaka urefu utakaorekodia, ielekeze kwenye kile unachotaka kupiga. Kwenye programu ya DJI Fly gusa AUTO kona ya chini iwe PRO, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 100, kisha sogeza shata huku ukitazama kipimo cha mwanga mpaka kisome sifuri. Nikiwa na mawingu meupe kwenye picha naiacha isome -0.3 au -0.7, kwa sababu wingu lililoungua halirudi, ilhali kivuli cha chini ya majani unaweza kukiinua baadaye. Soma namba ya shata. Igawanye kwa 50. Jibu ndilo namba ya filta yako, au iliyo karibu nayo.

Kwa mfano, tuseme ni asubuhi ya Julai, saa nne na nusu, jua limechomoza vizuri baada ya ule ukungu wa Mufindi kuondoka, na kipimo kinakaa sifuri kwenye 1/2000. Gawanya kwa 50, unapata 40. Filta ya 40 haipo, kwa hiyo unachukua ND32. Ukiifunga, shata inayotakiwa ni 2000 kugawanya kwa 32, yaani karibu na 1/60. Hapo umefika, usihangaike na zaidi. Saa sita mchana mahali palepale, ukiwa na barabara ya vumbi na mapaa ya bati kwenye picha, kipimo kinaweza kwenda 1/3200. Gawanya kwa 50: ni 64 kamili. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwenye jua kamili, ukiwa f/16, shata ni moja juu ya ISO, yaani 1/100 kwa ISO 100. Kutoka f/16 mpaka f/2.8 ni hatua tano, kila hatua ikizidisha mwanga mara mbili, nayo 1/100 ikigawanywa kwa 32 ni 1/3200. Jua la kiangazi kwenye nyanda za juu, hewa ikiwa safi na haina unyevu, linatii kanuni hiyo vizuri.

Kwa hiyo jibu fupi la dukani ni ND32 na ND64. Ukiwa na hela ya moja tu, chukua ND32: kwenye jua la saa sita itakupa 1/100, ambayo nimeshasema inakubalika, na asubuhi itakupa 1/50 au 1/60. ND16 itakufaa kwa wingu jepesi na saa kumi jioni. ND8 kwa lenzi yako huku kwetu utaitumia mara chache, wala usinunue seti nzima kwa ajili yake.

Nije kwa jamaa yako na ukungu wake. Sikuiona video, lakini ukungu wa aina hiyo huwa unatoka sehemu mbili. Ya kwanza, amefunga filta nzito akaiacha droni kwenye AUTO. Jua linapoingia wingu, au jioni inapokaribia, droni inaona giza. Inateremsha shata mpaka mwisho wake, ambao kwa fremu 25 ni 1/25, halafu inapandisha ISO. Kwa 1/25 mkwaruzo unakuwa mrefu sawa na mruko wenyewe, kila kitu kinapakana na jirani yake, na ISO ya juu inaongeza chengachenga. Akisimamisha video ataona mistari ya chai imeyeyuka kwenda upande mmoja, ule wa mwendo wa droni. Dawa yake ni PRO, na shata aifunge mwenyewe.

Ya pili ni filta yenyewe. Huu ni ukungu ambao hauna upande: picha nzima imepauka, weusi umekuwa kijivu, na unazidi kamera inapogeukia jua. Mara nyingi ni alama ya kidole tu. Kioo ni kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, ukikishika mara moja umepaka mafuta eneo lote. Kishike pembeni, kifute kwa kitambaa cha miwani, si kwa fulana yenye vumbi jekundu la barabarani. Kama ni safi na bado kuna ukungu, kioo ni hafifu. Filta hafifu pia huwa inapaka rangi, hasa zile nzito: majani mabichi yanageuka ya kahawia au picha nzima inavuta uzambarau. Jaribu kabla hujaenda kazini. Weka droni juu ya meza ikitazama ukuta wenye maandishi, funga rangi ya mwanga kwenye 5600K isijirekebishe yenyewe, rekodi bila filta, kisha na filta, ukirekebisha shata mwanga ulingane. Kuza video zote mbili pembeni mwa picha. Droni haijasogea, kwa hiyo maandishi yanatakiwa yawe makali sawasawa. Yakififia kwenye yenye filta, irudishe dukani.

Angalia pia iwe imetengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa. Kamera inaning'inia kwenye gimbali, kile kishikizo kinachoituliza, chenye mota ndogo mno, na uzito mdogo wa ziada unaweza kuielemea. Utaona kamera ikitetemeka inapowashwa au skrini ikikupa onyo kwamba mota ya gimbali imelemewa. Filta ifungwe droni ikiwa imezimwa. Kuisukuma gimbali kwa kidole wakati imewashwa ni kutafuta gharama.

Mawingu ya Mufindi yatakusumbua kuliko jua lenyewe. Kuanzia saa tano yanajikusanya, na kivuli kimoja kikipita juu ya shamba mwanga unaanguka hatua mbili au zaidi. Huwezi kushusha droni kila wingu likipita. Ninachofanya ni kuchagua filta kwa ajili ya jua kamili kwenye ISO 100, nikafunga shata, halafu wingu likija napandisha ISO iwe 200 au 400. Kwenye droni ndogo ISO 400 mchana bado ni safi. Ikinidai 800, nasubiri wingu lipite au nashuka kubadili filta. Kinyume chake hakiwezekani: ukichagua filta ya kivulini na jua likatoka, ISO haishuki chini ya 100 na njia iliyobaki ni kuirudisha shata juu, kwenye mruko uleule.

Sasa jambo ambalo wauza filta hawakwambii. Rudi kwenye ile hesabu ya pikseli 41. Ukipanda kutoka mita 10 mpaka mita 80, kwa mwendo uleule, upana wa picha unakuwa mita 120, na mruko kati ya fremu na fremu unashuka mpaka pikseli 5. Hapo filta unaiweka au unaiacha, mtazamaji hatajua. Vivyo hivyo ukibaki mita 10 ukapunguza mwendo kutoka mita 4 mpaka 2 kwa sekunde: mruko unakuwa pikseli 20, na mkwaruzo wa 1/50 unakuwa pikseli 10. Ni huo mwendo mdogo pamoja na filta ndio unaokupa kile unachokitaka, mistari inayopita kwa utulivu na majani ambayo bado yanaonekana ni majani. Wapiga sinema wana kipimo chao kwa kamera inayopita ubavu, kwamba kitu kichukue kama sekunde 7 kutoka ukingo mmoja wa picha mpaka mwingine. Kwa upana wako wa mita 15 hiyo ni mita 2 kwa sekunde na ushee. Droni ikigeuka mahali ilipo, ni kama nyuzi 10 kwa sekunde, polepole kuliko kidole kinavyopenda. Iweke kwenye Cine, ile hali ya mwendo wa polepole, na usisukume fimbo mpaka mwisho.

Ukiona video inatikisika kama uji mzito, mistari iliyonyooka ikijipinda kwa mawimbi madogo ya haraka, hilo ni jingine. Kihisi cha kamera kinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mtetemo wa mota unaipinda kabla haijaisha kusomwa. Shata ndefu inauficha kidogo, kwa hiyo kuna watu wanadhani ND imewatibu. Mtetemo bado upo. Pitisha ukucha kwenye kingo za kila propela. Ukikuta pamekatika hata kidogo, badilisha. Kutua kwenye nyasi kavu za Julai kunazimaliza haraka, tua kwenye turubai au mkeka.

Upepo nao una sheria yake. Siku ambayo droni inapambana, kama unavyopigwa pale Makambako, gimbali haiwezi kuzuia kila mtikisiko, na kwa 1/50 mtikisiko huo unaingia ndani ya fremu kama ukungu mdogo unaokuja na kupotea. Siku hiyo teremka filta hatua moja, ND64 kwa ND32, urekodi kwa 1/100.

Umewahi kuziona filta zenye maandishi ND32/PL? Hizo zimechanganywa na polaraiza, inayokata mng'ao juu ya majani ya chai na kuyafanya yawe na kijani kizito. Kwa picha inayokwenda mbele bila kugeuka zinapendeza. Lakini nguvu yake inategemea kamera inatazama upande gani wa jua, na kwenye droni huwezi kuizungusha ukiwa hewani. Ukigeuka katikati ya video, majani yanang'aa, yanazima, yanang'aa tena, na anga kwenye lenzi pana inapata doa la bluu nzito upande mmoja. Kwa mtu anayeanza nasema nunua ND tupu.

Na mteja akikuomba picha za mnato pamoja na video, kama wenye mashamba wanavyopenda za kuweka kwenye kalenda, piga video kwanza zote, shuka, zima, vua filta, ndipo urudi juu. Picha ya mnato inataka ule ukali wa 1/2000 uliokuwa unaukimbia.